Rasimu ya mezani na ukuta wa shule: pima umbali na chenga kabla ya kufungua kopo la rangi

Ukichora rasimu ya ukuta kwa skeli ya 1:20 na kuitazama mezani ukiwa sentimita 50 kutoka kwenye karatasi, unachokiona ni ukuta ule ukiwa umesimama mita 10 mbele yake. Umbali nao unapunguzwa kwa skeli ileile. Wengi wanaoanza kazi hii hupunguza ukuta, husahau kupunguza umbali, na matokeo yake rasimu yao ni nzuri kwa mtu mmoja tu: aliyesimama mita 10. Shuleni hakuna anayesimama hapo. Watoto huuona ukuta kutoka langoni wakiingia, kisha huupita wakiwa karibu kiasi cha kuugusa.

Nitaeleza kwa mfano wa ukuta mmoja, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi. Una urefu wa mita 9 na kimo cha mita 3. Lango liko mita 24 mbele yake, na njia ya kwenda madarasani inapita mita 1.5 kutoka ukutani. Lipu yake ni ya kurushwa, ile yenye chenga, na chenga zake zinatokeza kama milimita 4. Mada ni mzunguko wa maji: bahari, mvuke unaopanda, mawingu, mvua mlimani, mto unaorudi baharini, na watoto wanaoteka na kumwagilia. Rasimu ya 1:20 ni karatasi ya sentimita 45 kwa 15.

Anza na lango. Mita 24 ukigawa kwa 20 unapata mita 1.2, kwa hiyo bandika rasimu ukutani, rudi nyuma mita 1.2 na uitazame hapo, si karibu zaidi. Jicho zima, lenye kuona vizuri, hutenganisha vitu viwili vikiwa na pengo la takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kwa umbali wa mita 24 hiyo ni milimita 7 ukutani. Chochote chembamba kuliko hapo huyeyuka ndani ya jirani yake, na kwenye rasimu milimita 7 za ukutani ni theluthi moja tu ya milimita. Ndiyo maana nasisitiza rasimu isichorwe kwa kalamu yenye ncha kali. Ncha kali inakuruhusu kuweka vitu ambavyo ukuta hautavionyesha. Tumia penseli nene au brashi, ili mkono wako ushindwe mapema kufanya kile ambacho jicho langoni halitakiona.

Angalia nyuso za watoto. Katika rasimu ya kwanza kila kichwa kina kimo cha milimita 10, maana yake sentimita 20 ukutani, ukubwa wa kichwa halisi. Mezani unaona kila mtoto anatabasamu. Jicho moja katika kichwa hicho litakuwa na upana wa takriban milimita 30 ukutani, na kutoka langoni hizo ni hatua nne tu za uwezo wa kuona: doa jeusi lenye ukungu. Tabasamu halipo tena. Hapa una njia mbili. Ama unavikuza vichwa hadi sentimita 45 na kupunguza watoto kutoka kumi na mmoja hadi wanne, ama unawaacha wengi na kukubali kwamba langoni watasomeka kwa mkao wa mwili, si kwa uso. Mimi huchagua wanne. Mwili unaoinama kumwagilia na uso unaoonekana vina nguvu kuliko kundi la vichwa visivyo na sura. Kamati ikitaka watoto wengi, iambie waziwazi kwamba kutoka langoni watoto hao hawatakuwa na nyuso, na uwaonyeshe kwa kuwasimamisha wenyewe mita 1.2 kutoka kwenye rasimu.

Rangi nazo zipime hapohapo. Majani ya kijani kibichi na kijani kilichokolea yakiwa madogo huchanganyika kwa mbali na kuwa kijani kimoja cha katikati. Kinachobaki ni tofauti ya weupe na giza. Piga picha ya rasimu, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha itazame. Kama mlima na wingu vimekuwa kijivu kimoja, langoni vitashikana hata kama kimoja ni zambarau na kingine ni buluu.

Sasa njoo njiani. Mita 1.5 ukigawa kwa 20 ni sentimita 7.5, na macho ya watu wazima wengi hayawezi kusoma karatasi kwa karibu hivyo. Kwa hiyo jaribio la lango halifanyi kazi hapa, unahitaji jingine. Eneo ambalo mtu hulitazama kwa raha bila kugeuza kichwa ni takriban nyuzi 60, na kwa mita 1.5 hilo ni kama mita 1.7 za ukuta. Kata dirisha la mraba wa sentimita 8.5 katika kipande cha kadi. Liweke juu ya rasimu, katikati yake ikiwa kwenye kimo cha macho ya mtoto. Mtoto wa miaka saba macho yake yako karibu mita 1.1 kutoka ardhini, yaani sentimita 5.5 kutoka chini ya rasimu. Kisha lisogeze polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtoto anavyotembea.

Jaribio hili hufichua mengi. Katika rasimu yetu bahari ilikuwa uwanja mmoja wa buluu wenye urefu wa mita 3. Langoni ni nzuri sana, inapumzisha macho. Lakini dirisha likipita juu yake, kwa hatua kadhaa mtoto haoni chochote ila buluu. Dawa yake si kuijaza bahari samaki wenye rangi kali, maana hao wataivunja ile sura kubwa ya langoni. Chora samaki, mwani na matone kwa buluu iliyo hatua moja tu nyeupe zaidi au yenye giza zaidi kuliko bahari yenyewe. Kwa mbali vinarudi kuwa bahari. Kwa karibu ni samaki. Ukuta wa shule unahitaji michoro miwili ndani ya mmoja, na kinachoitenganisha ni nguvu ya tofauti ya rangi. Tofauti kubwa iwe ya lango, tofauti ndogo iwe ya njia.

Maandishi yafuate mpango huohuo. Kwa kusoma bila kukaza macho, kanuni ninayoitumia ni kimo cha herufi kiwe umbali ukigawa kwa 200. Neno MAJI la kusomwa langoni linahitaji angalau sentimita 12, nami ningelikuza hadi 25 kwa sababu ya lipu. Majina madogo kama mvuke na wingu, ambayo kwenye rasimu yana kimo cha milimita 3, yatakuwa sentimita 6 ukutani. Hayo hayana kazi langoni. Yashushe yawe kati ya sentimita 90 na 140 kutoka ardhini, yasomwe na anayepita, na wingu lililo juu liunganishwe na jina lake kwa mstari wa matone.

Hapa ndipo chenga za lipu zinapoingia, na ndipo rasimu nyingi zilizopita majaribio yote ya umbali hukwama. Herufi ya sentimita 6 ina mstari wenye unene wa kama sentimita 1. Juu ya chenga za milimita 4 brashi huruka mashimo, ukingo unakuwa na meno, na tundu la herufi a au e huziba. Utepe wa gundi hausaidii, kwa kuwa haukai hadi chini ya mashimo na rangi hupenya chini yake.

Jua nalo huongeza tatizo. Miale inapokuwa karibu sambamba na ukuta, tuseme nyuzi 20 kutoka kwenye uso wake, kila chenga ya milimita 4 hutupa kivuli cha milimita 11. Mstari mweupe wa sentimita 1 unaweza kumezwa wote. Jua likiwa juu sana vivuli huanguka chini, hivyo mistari ya mlalo huumia zaidi. Likitokea pembeni, huumia ile ya wima. Kwa hiyo tembelea ukuta asubuhi, adhuhuri na jioni, upige picha kutoka sehemu ileile kabla hujaamua mistari yako myembamba ielekee wapi.

Chenga unaweza kuzileta mezani pia. Milimita 4 ukigawa kwa 20 ni 0.2, na chembe za msasa namba P80 zina wastani wa karibu milimita 0.2. Rudia sehemu ngumu za rasimu juu ya msasa huo kwa rangi na brashi, si kwa penseli, maana msasa huisaga. Mwangaza wa tochi kutoka pembeni utakuonyesha vivuli. Utaona mara moja kwamba mawingu, moshi wa mvuke na miteremko ya mlima vinapendeza zaidi hapo kuliko kwenye karatasi laini: brashi iliyokaribia kukauka hugusa vichwa vya chenga tu, na rangi mbili huchanganyika zenyewe machoni. Nyuso na herufi ndizo zinazovunjika.

Msasa, hata hivyo, hauwezi kukuambia brashi halisi itafanya nini, kwa hiyo omba kona ya ukuta, mita 1 kwa mita 1, uchore kwa ukubwa kamili jicho moja, neno moja dogo na samaki mmoja. Ukiona jicho limekataa, usilainishe kiraka cha mviringo nyuma ya uso. Kiraka hicho kitang'aa tofauti kila jua linapotoka pembeni, na uso utaonekana umebandikwa. Lainisha kwa lipu nyembamba ukanda mzima, kwa mfano kuanzia sentimita 80 hadi 150, au ufuate mzingo wa umbo la mtoto ili ukingo wa lipu ufichwe na ukingo wa mchoro. Acha lipu mpya ikauke kabisa na uipake rangi ya msingi kwanza, la sivyo itanyonya rangi kuliko sehemu nyingine na kuacha madoa.

Kona hiyo ikupe majibu mengine mawili. La kwanza ni rangi yenyewe: vivuli vidogo vya chenga huifanya ionekane na giza kuliko ilivyo kwenye kopo, kwa hiyo linganisha kipande kilichokauka na rasimu, ukiwa umesimama langoni, kisha ongeza nyeupe panapohitajika. La pili ni kiasi. Kwenye ukuta laini lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kwenye chenga inaweza kuhitajika karibu mara mbili ya hapo. Pima rangi uliyotumia kwenye mita moja ya mraba, zidisha kwa 27, na uandike kiasi hicho pembeni mwa rasimu kabla ya kuipeleka kwa mwalimu mkuu.