Usilinganishe maneno, pima pumzi: skripti ya Kiindonesia juu ya video ya usalama ya Kiingereza

> Wakuu, nimepewa video ya mafunzo ya usalama kiwandani, dakika 11, ya Kiingereza. Wanataka skripti ya Kiindonesia isomwe juu ya picha zilezile, video isiongezeke hata sekunde. Niliishi Bandung miaka minne, lugha ninayo. Nimepanga kutafsiri huku nikilinganisha idadi ya maneno ya kila sentensi. Inatosha? Na nitumie programu gani?

Simama hapohapo mkuu. Hiyo hesabu ya maneno ndiyo iliyonila mimi, na naiona inakuja kukula na wewe.

Tazama mstari huu. Ni wa kazi yangu mwenyewe, sehemu ya kuzima mashine kabla ya matengenezo:

```
00:02:10.0 - 00:02:13.5
EN  Turn off the machine and lock the main switch.
ID  Matikan mesin tersebut dan lakukan penguncian
    pada sakelar utama.
```

Hesabu maneno: Kiingereza 9, Kiindonesia 9. Nilipoona yamelingana hivyo nilifurahi, nikaweka tiki, nikaenda mstari unaofuata. Sasa hesabu silabi: Kiingereza 10, Kiindonesia 24. Dada aliyetusomea, sauti yake tulivu na matamshi safi, alikuwa anasoma silabi kama tano kwa sekunde bila kukimbia. Silabi 24 zinamtaka karibu sekunde tano. Nafasi iliyopo ni tatu na nusu.

Wewe lugha unayo, kwa hiyo sababu utaielewa mara moja. Kiingereza cha maelekezo kimejaa vijineno vya silabi moja. Mzizi wa Kiindonesia kwa kawaida una silabi mbili, halafu unavishwa viambishi mbele na nyuma: kunci, mengunci, penguncian. Sisi Waswahili tulipaswa kuliona hili kabla ya mtu mwingine yeyote, maana lugha yetu ina tabia hiyohiyo. Hata hilo neno lao keselamatan na usalama wetu yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na yote mawili ni marefu kuliko neno la Kiingereza lililosimama mahali pake.

Aliyenipotosha ni mratibu wa kampuni ya tafsiri iliyonipa kazi. Aliniandikia kwa kujiamini kabisa kwamba msimulizi anasoma maneno 150 kwa dakika, kwamba Kiindonesia ni lugha nyepesi isiyo na nyakati wala jinsia, basi nikilinganisha maneno kazi imeisha. Hayo maneno 150 ni kipimo cha wasomaji wa Kiingereza. Yeye hakuwahi kukaa studio na msomaji wa Kiindonesia hata siku moja, lakini alikuwa na jedwali, na jedwali lilikuwa na rangi ya kijani kila mstari. Hadi leo nikikumbuka lile jedwali damu inachemka.

Sasa sikiliza hasara ilivyoingia, maana haikuingia pale nilipoitarajia.

Studio hawakulalamika. Msomaji alisoma vizuri, kila mstari ukatoka safi. Mhariri wa video alipoanza kupanga sauti juu ya picha akaona mstari wa kwanza umezidi sekunde moja na kidogo. Akafanya ambalo mhariri yeyote asiyeijua lugha angefanya: akausogeza wa pili mbele kidogo ili visigongane. Wa pili nao ukazidi, akausogeza wa tatu. Mwisho wa sura kulikuwa na picha tuli yenye jina la sura inayofuata, sekunde kadhaa za kimya. Kile kimya kikameza ucheleweshaji wote. Sura ikaisha kwa wakati, jumla ya dakika ikatoka sawasawa, mratibu akafurahi, nami nikafurahi.

Ndani ya sura ilikuwa balaa. Hatua zilikuwa tano: zima mashine na funga swichi kuu, weka kufuli lako, tundika lebo yenye jina lako, fungua valvu utoe upepo uliobaki kwenye mabomba, kisha bonyeza kitufe cha kijani kuhakikisha mashine kweli haiwaki. Kila mstari ulizidi kama sekunde 1.3. Kufika hatua ya tano sauti ilikuwa nyuma kwa hatua nzima. Kwenye picha fundi anabonyeza kitufe cha kijani, na sauti ya yule dada, kwa utulivu wote, inasema toa upepo uliobaki.

Ofisa wa usalama wa kiwanda kule Java Mashariki ndiye aliyeligundua. Alinipigia mwenyewe, akaniita Mas, yaani kaka, kama kawaida yao, akaniambia: "Mas, video hii inamfundisha kijana mgeni kwamba upepo unatolewa kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha." Sikuwa na la kujibu. Mtu wa zamani angejua kuna kosa, lakini video hii ilitengenezwa kwa ajili ya mgeni, anayeiona mashine ile kwa mara ya kwanza. Anaamini jicho na sikio kwa pamoja.

Ikabidi turudi studio. Saa tatu za studio na malipo ya msomaji vikatoka mfukoni kwangu, na nusu ya pesa ya kazi ikaishia hapo. Mratibu alisema skripti ni ya mwandishi, si ya jedwali.

Tangu siku ile nina sheria moja, na ndiyo ninayotaka uichukue hata ukiyaacha mengine yote: mwanzo wa kila mstari umepigiliwa msumari kwenye picha yake. Mstari unaweza kuisha mapema, hauruhusiwi kuchelewa, na ukizidi unafupishwa palepale. Unaofuata hausogezwi. Mwandikie mhariri maneno hayo juu kabisa ya skripti, kwa lugha anayoielewa. Akikuta mstari usioingia aurudishe kwako, asiutibu mwenyewe. Wengine wanautibu kwa kuongeza kasi ya sauti. Asilimia chache masikio hayashiki, lakini kwenye onyo la hatari ukizidisha, sauti inakuwa ya tangazo la sabuni na namba zinamezana.

Kufupisha kwenyewe si kazi kubwa ukijua wapi pa kukata. Ule mstari wangu wa silabi 24 uliishia hivi:

```
ID  Matikan mesin, kunci sakelar utama.
```

Silabi 13, sekunde mbili na nusu hivi, na inabaki karibu sekunde nzima ya kimya ambayo fundi anaitumia kuangalia mkono unafanya nini. Tazama nini kimetoka. "Tersebut", yaani hiyo iliyotajwa, haikuwa na kazi, mashine iko mbele ya macho. "Lakukan penguncian pada" ni Kiindonesia cha ofisini, tendo limegeuzwa nomino kisha likatafutiwa kitenzi cha kulibeba. "Kunci", yaani funga, peke yake inatosha na ndivyo mafundi wanavyosema. Vivyo hivyo "lakukan pemeriksaan", fanya ukaguzi, inakuwa "periksa", kagua. "Anda harus", yaani ni lazima wewe, mara nyingi inaondoka yote, kwa kuwa amri yenyewe imeshasema ni lazima.

Vifupisho vya kiwandani navyo ni akiba. Kizima moto cha mkononi kwa jina kamili ni "alat pemadam api ringan", silabi tisa, lakini kila karakana imeandika APAR ukutani na watu wanalisoma kama neno la silabi mbili. Vifaa vya kujikinga ni APD. Muulize mteja kwanza kama ndivyo wanavyoita pale kwao, usijitungie.

Lakini kuna maneno hayaguswi hata mstari uzidi vipi: jangan ya kukataza, hanya yaani tu, na sebelum yaani kabla. Hapo nilikaribia kosa la pili. Nilikuwa na "Sebelum melepas gembok, pastikan semua orang sudah keluar", yaani kabla ya kutoa kufuli hakikisha watu wote wameshatoka. Kwa haraka ya kubana nikaondoa "sebelum" na nikaandika toa kufuli, hakikisha watu wametoka. Silabi zimepungua, na mpangilio umegeuka: kufuli linatoka kwanza. Nikaliona nikiwa nasoma kwa sauti. Lililokaa ni hili:

```
ID  Pastikan semua orang keluar, baru lepas gembok.
```

Silabi 17 badala ya 21, na maneno yanafuata mkono. Hiyo "baru" inafanya kazi ya "ndipo" yetu. Ukipata sentensi ya "kabla ya hiki fanya kile", jaribu kuipindua hivyo. Mara nyingi inakuwa fupi, na picha inaendana nayo, kwa sababu kwenye picha watu wanatoka kwanza kufuli baadaye.

Kuhusu programu, mimi jedwali la kawaida tu: muda wa kuanza, muda wa mwisho, picha inaonyesha nini, maandishi, silabi. Namba ziandike kwa herufi kabla hujahesabu. "380 V" inaonekana vibambo vitano kwenye karatasi, mdomoni ni "tiga ratus delapan puluh volt", silabi kumi, sekunde mbili zimekwenda. Kisha zima sauti ya video, simama, soma mstari kwa mwendo wa mkufunzi huku picha inapita, jirekodi kwa simu. Usisome kimoyomoyo, kimoyomoyo kila kitu kinaingia. Nami nilijipa akiba ya robo sekunde kila mstari, kwa sababu msomaji wa kazi hii anatamka wazi kuliko wewe uliyekaa chumbani kwako. Na kama unaweza, mpe Mwindonesia azisome dakika mbili za kwanza kabla ya kuandika zote 11. Miaka minne ya Bandung ni mingi, lakini kasi ya ulimi wako si kasi ya ulimi wake.

Utabaki na mistari miwili mitatu isiyokubali kabisa. Mimi wangu ulikuwa huo wa volti: onyo, namba, na jina la paneli ndani ya sekunde mbili na nusu. Namba ilikuwa imeandikwa kubwa kwenye kibandiko cha paneli, pichani inasomeka. Nikamwomba yule ofisa wa usalama ruhusa ya kusema "Awas, tegangan tinggi", yaani hadhari, volti kubwa, na kuiacha namba isomwe kwa macho. Alitazama kipande hicho mara mbili kisha akakubali kwa maandishi. Usiamue mwenyewe jambo kama hilo, na usimwachie mratibu aliamue.

Weka hapa mistari yako kumi ya kwanza pamoja na muda wake, tuipime.