Kadi imefungwa ugenini na simu ya benki haipatikani

Swali: Nipo nje ya nchi. Kadi ilikataliwa hotelini, nikajaribu mashine ya kutolea pesa mara mbili, ikagoma. Namba ya benki iliyo nyuma ya kadi nikiipiga naambiwa haipo. Je, benki imefunga simu?

Jibu: Simu yao huenda iko wazi. Tazama hiyo namba: kama inaanza na 0800 au ni ya tarakimu chache, gharama yake hulipwa na benki, na mitandao mingi ya nje haiiunganishi. Hata ukiitanguliza msimbo wa nchi, kwa kawaida haiendi. Tafuta nyuma ya kadi au ndani ya programu ya benki namba inayoanza na alama ya +. Usiitafute kwa kuperuzi tu mtandaoni, maana matapeli hutega namba zao hukohuko. Simu yako ikiwa na Wi-Fi Calling na kampuni ya laini yako ikaruhusu, iwashe; simu hupita kana kwamba uko nyumbani, na hapo hata ile ya bure inaweza kuita.

Kabla hujapiga, rudisha laini yako ya zamani kwenye simu. Niliwahi kumhudumia mteja aliyehangaika siku mbili, kumbe alichomoa laini alipofika uwanja wa ndege akaweka ya ugenini. Mfumo wa benki ulishtukia malipo kutoka nchi ngeni, ukamtumia ujumbe kuuliza kama ni yeye, na ulipokosa jibu ukazuia kadi. Laini iliporudi ujumbe uliingia, akajibu, kadi ikafunguka.

Je, mashine ilikupa risiti? Nyingine huchapa namba ya sababu. 75 maana yake umekosea namba ya siri mara nyingi kupita kiasi, na hilo ni tatizo tofauti kabisa. 05 ni benki kukataa tu bila kueleza. Kwa vyovyote vile, usijaribu namba ya siri usiyo na uhakika nayo.

Benki ikishindikana kabisa, Visa na Mastercard wana simu za dharura za saa 24. Hawawezi kufungua kadi yako, lakini humtafuta mtoa kadi, na akikubali hupanga upewe pesa taslimu bila kadi. Hapo chunga ulimi: ukisema kadi "imepotea", itafutwa moja kwa moja, na mpya mara nyingi itatumwa kwenye anwani yako ya nyumbani. Sema imezuiwa, nawe unayo mkononi.

Ukimpata mtu wa benki, mwambie nchi uliyopo na tarehe ya kurudi. Usikate simu kabla hujanunua kitu kidogo kwa kadi hiyo, yeye akitazama upande wake kama imepita.