Mtoto asikeshe akikusubiri

Wiki iliyopita mama mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe usiku sana. "Dada, mimi narudi nyumbani saa 2 usiku. Mwanangu ana mwaka na miezi 8. Akiniona tu usingizi unaruka, tunacheza mpaka saa 5, asubuhi anaamka analia. Nikisema alale kabla sijarudi naona kama namnyima mama yake. Nifanye nini?"

Niliusoma mara tatu. Ungekuwa umeandikwa na mimi mwaka jana, nisingebadilisha hata neno.

Nauza vitambaa Kariakoo, naishi Kimara. Siku za kawaida natoka dukani saa 1 usiku, na foleni ikinihurumia nabisha hodi kati ya saa 2:00 na 2:20. Jumatatu na mwisho wa mwezi tunahesabu mzigo, siku hizo nafika saa 3:30. Baba yake yuko Mwanza kikazi, kwa hiyo nyumbani ni mimi, binti yangu na dada anayetusaidia. Dar giza huingia karibu saa 1 mwaka mzima, maana yake mwanangu alikuwa hajawahi kuniona mlangoni kukiwa na mwanga, isipokuwa Jumapili.

Likizo ya uzazi ilipoisha nilijiapiza kwamba huyu mtoto hatalala bila kuniona. Nikaweka amri. Nilimwambia dada amlaze jioni, saa 10:30 hivi, mpaka saa 12, ili nikifika awe mchangamfu. Akianza kusinzia saa 1 amnawishe uso, amfungulie katuni kwenye simu. Dada alitii. Na kweli nilikuwa nikifika nakuta mtoto anaruka kama mpira, ananikimbilia, ananing'ang'ania shingoni. Niliona nimeshinda. Niliwasimulia hata wenzangu dukani, wengine nikawafundisha wafanye hivyohivyo. Wanisamehe.

Nilichokuwa sisimulii ni kilichofuata. Kuanzia saa 3:30 alikuwa hacheki tena kwa raha, anacheka kwa kelele, anakimbia ukuta hadi ukuta, anajikwaa pasipo kitu, ananing'ata bega. Nikimbeba anajinyonga, nikimweka chini analia. Analala saa 5:15 kwa kuchoka kulia, na saa 7 usiku anashtuka tena. Asubuhi saa 12:30 jua na makelele ya majirani vinamwamsha. Mchana dada ananipigia: "Amelala juu ya uji, kijiko kiko mdomoni." Nikadhani dada hamjali. Nilimgombeza kwa maneno ambayo mpaka leo yananiuma, kwa sababu alikuwa anatekeleza amri yangu mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima, siku nilipompeleka kwa chanjo ya surua ya miezi 18. Mtoto alikuwa analia mfululizo. Hakuniuliza anakula nini. Aliuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, mchana je. Akahesabu kwa vidole: saa 5:15 usiku hadi 12:30 asubuhi ni saa 7 na robo, ongeza saa moja na nusu ya jioni, hazifiki hata 9. Akaniambia mtoto wa umri huo anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, za usiku na mchana pamoja. Ndiyo kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani nalo linakitaja kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Mwanangu alikuwa na deni la zaidi ya saa mbili kila siku, na mkopaji nilikuwa mimi.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana bila kukielewa utarudia kosa langu. Usingizi wa mtoto hujikusanya kadiri anavyokaa macho. Mwenye mwaka na nusu hadi miwili, ambaye analala mara moja tu mchana, anahitaji kama saa 5 za kuwa macho kabla usiku haujamchukua vizuri. Ukimlaza saa 10:30 jioni hadi 12, umeufuta usingizi wote uliokuwa umejikusanya, na usitegemee alale kabla ya saa 5. Upande wa pili, akipitiliza muda wake hasinzii tena, mwili unapandisha mori. Hapo ndipo wazazi tunadanganyika tukisema "huyu hana usingizi kabisa". Ule uchangamfu wa saa 3:30 usiku ni uchovu. Dalili zake ni hizo nilizokutajia: kicheko cha kelele, kujikwaa, kung'ata, kulia kwa jambo dogo. Mtoto mwenye usingizi wa kawaida hutulia, hukodoa macho mahali pamoja, huvuta sikio. Ukiiona hiyo mlaze, usingoje nyingine.

Kwa hiyo sikuanza na usiku, nilianza na mchana. Usingizi wa jioni nilikuwa nausogeza nyuma kidogokidogo, na usiku nao ukafuata, dakika 15 kila baada ya siku mbili. Asubuhi tulimwamsha saa 12:30 ileile, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa wanamwacha alale mpaka saa 3. Kutoka saa 5:15 hadi saa 2:30 ni hatua 11, kwa hesabu siku 22. Kwetu zilitosha wiki mbili, kwa sababu usingizi wa mchana ulipofika saa 7 hadi saa 8:30 baada ya chakula, usiku ulijileta wenyewe. Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu, jioni alikuwa anasinzia mkekani na dada anamtoa nje kuangalia kuku wa jirani. Lakini sasa analala saa 2:30 hadi 12:30, saa 10 kamili, na saa moja na nusu mchana. Deni limeisha.

Hapo likabaki swali la Morogoro: mama yake yuko wapi katika hayo yote?

Niliweka kikomo cha saa 2:15, nikakiandika kwenye karatasi na kukibandika mlangoni. Nikifika kabla ya hapo, hatua za mwisho ni zangu. Kuoga na kula vimeshamalizika saa 1:30, taa kubwa nyeupe ya sebuleni imezimwa, imebaki ndogo ya ukutani, simu zote zimefunikwa, maana mwanga mkali unamwambia mwili wa mtoto kwamba bado ni mchana. Nabisha hodi kwa sauti ya chini. Simrushi juu, simtekenyi, hata pipi siku hizi sileti, nikiwa nayo namwachia hadi asubuhi. Hili lilinigharimu, kwa sababu mtoto anayekukimbilia akipiga kelele ndiyo mshahara wenyewe wa siku. Nanawa mikono na miguu, nabadilisha nguo, nakaa mkekani, yeye anakuja mwenyewe. Ananyonya (bado tunanyonyesha, na kwa mama anayenyonyesha ujue mtoto anakusubiri kwa ajili ya hilo pia), kisha tunashusha chandarua pamoja, yeye anashika pembe moja. Halafu nasema, "Paukwa!" Yeye hawezi kusema pakawa, anasema, "Kawa!" Hadithi ni ileile ya sungura na fisi kila siku. Nilijaribu kuleta mpya, akakataa. Ni dakika 20, hazizidi 25, na humo sigusi simu hata ikiita.

Saa 2:15 ikipita sijafika, dada anafanya hatua zilezile kwa mpangilio uleule, na Paukwa ni ileile. Khanga niliyoilalia jana inabaki kitandani, asikie harufu yangu. Zamani nikichelewa nilikuwa napiga simu ya video nimuage. Usifanye hivyo na mdogo wa umri huu: anaiona sura yako, anakutafuta nyuma ya simu, hakupati, analia nusu saa. Sasa nimerekodi hadithi kwa sauti, dada anaiweka simu kifudifudi juu ya kabati, hakuna mwanga wala picha.

Na nikifika amelala, simwamshi. Jumatatu ya kwanza nilikaa sakafuni kando ya chandarua na viatu mguuni nikalia. Niliona dada amenichukulia nafasi yangu, na kwa kweli wiki hiyo mtoto alikuwa anamwita dada "mama". Jamani, tuache kugombana na wanaotulelea. Mtoto aliyelazwa vizuri na dada ana nguvu ya kumpenda mama asubuhi. Akiamka alfajiri saa 11 namnyonyesha, analala tena kifuani kwangu hadi 12:30. Hizo ndizo saa zangu za Jumanne.

Asubuhi yenyewe nimeilinda kuliko usiku. Natoka saa 1:30, na zamani saa hiyo nzima iliishia jikoni. Sasa uji naupika usiku, nautia kwenye chupa ya chai, nguo zimepigwa pasi Jumapili. Nina dakika 40 za kukaa naye barazani, tunakunywa uji kwa kikombe kimoja, ananionyesha ndege.

Kama wewe unafika saa 3 au 4 kila siku, ratiba yangu usiiige. Kama mtoto anabaki nyumbani na bibi na hakuna linalomwamsha asubuhi, unaweza kuisogeza siku nzima: aamke saa 2, alale mchana saa 9 hadi 11, usiku saa 4. Chumba lazima kiwe na pazia zito, la sivyo jua la saa 12 litakuharibia. Na siku atakapoanza shule ya awali, gari likipita saa 12 asubuhi, utalazimika kurudi nyuma kwa dakika 15 zilezile. Kama hutaki hilo, mwache alale mapema, wewe uchukue asubuhi. Njia ya katikati, ya kuamka mapema na kulala kwa kuchelewa, ndiyo niliyoipita mimi, na nimeshakusimulia. Na kama mtoto anapata saa zake zote lakini anakoroma kila usiku au pumzi inakatika usingizini, hilo ratiba haitalitibu, mpeleke hospitali.

Mama wa Morogoro, unafika saa 2, una nafasi niliyokuwa nayo mimi. Anza na usingizi wa mchana, niandikie baada ya wiki mbili.

Jana nilifika saa 2:05. Alikuwa ameshakaa mkekani, pembe ya chandarua mkononi, na kabla sijavua viatu akasema mwenyewe, "Kawa!"