Nani kasema "amekula hela"?

Nilikuwa katibu wa kikoba chetu kwa miaka minne, na sentensi iliyonitia aibu kuliko zote nilizoandika ina maneno matano tu: Mweka hazina alikula hela zetu.

Ilikuwa Jumapili ya kuhesabu sanduku. Wanachama 25, viti vya plastiki chini ya mwembe, sanduku la kufuli tatu katikati, funguo mikononi mwa watu watatu tofauti. Daftari kuu lilisema tuna shilingi 1,460,000. Noti zilipohesabiwa mara mbili mbele ya wote zikapatikana 1,280,000. Pungufu 180,000. Kukawa kimya, halafu mama mmoja akasimama na kusema, "Mweka hazina amekula hela zetu." Mimi nikainamisha kichwa nikaandika, na kwa kuwa muhtasari huandikwa kwa wakati uliopita, "amekula" likawa "alikula". Nikaona nimefanya kazi safi.

Kikao kilichofuata nikausoma muhtasari, mwenyekiti akauliza kama uthibitishwe, mikono ikanyooshwa, akatia saini. Mweka hazina hakuwepo, alikuwa msibani kijijini. Aliporudi akaomba daftari, akasoma, akanifuata nyumbani.

"Katibu mwanangu, umenihukumu."

"Mama, shikamoo. Mimi sikusema kitu. Kasema yule."

Akanifungulia ukurasa. "Marahaba. Haya, nionyeshe hapa paliposema 'kasema yule'."

Hapakuwepo. Ukurasa ule haukuwa unasema kwamba kuna mtu kamtuhumu. Ulikuwa unamtuhumu wenyewe, kwa mwandiko wangu, chini yake saini ya mwenyekiti.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninalojiuliza kabla kalamu haijagusa karatasi: nikitaka kujua kama sentensi hii ni kweli, niende wapi? Chukua hizi tatu.

Mweka hazina alikula hela zetu.

Mwanachama mmoja alisema kwamba mweka hazina alikula hela zetu.

"Mweka hazina alikula hela zetu" ina maneno matano.

Ya kwanza inakupeleka kwenye sanduku, madaftari na mifuko ya watu. Ya pili haikupeleki huko hata kidogo. Inakupeleka kwa waliokuwa chini ya mwembe, uwaulize kama maneno hayo yalitamkwa. Hela zikikutwa zote salama, ya kwanza inakuwa uongo na ya pili inabaki kweli vilevile. Ya tatu inakupeleka kwenye karatasi tu, uhesabu neno moja moja kwa kidole. Katika ya kwanza unatumia maneno kumsema mtu. Katika ya pili unasema habari za kauli ya mtu mwingine. Katika ya tatu maneno yenyewe ndiyo yanayosemwa, na mweka hazina hahusiki kwa lolote.

Sisi wenye Kiswahili tumepewa kipimo cha bure hapa, na ajabu ni kwamba shuleni tulifundishwa upatanisho wa ngeli bila kuonyeshwa kazi hii. Angalia: simba amelala. Sasa: "simba" limeandikwa vibaya ubaoni. Kiti kimevunjika, lakini "kiti" lina silabi mbili. Watoto wanacheza, lakini "watoto" limo katika wingi. Mara tu unapoacha kumtumia simba na kuanza kulitaja jina lake, kitenzi kinahama ngeli na kulifuata "neno", hata kama "neno" hukulitamka. Ukizungumzia sentensi au kauli, kitenzi kinakwenda kwenye "i": mweka hazina alikula, lakini "mweka hazina alikula hela zetu" imeandikwa kwa wino wa bluu. Alama za kunukuu hazisikiki mtu akisoma kwa sauti, ila "li" na "i" zinasikika. Ndiyo maana napendelea kusoma muhtasari kwa sauti kabla ya kikao. Sikio hukamata mahali jicho lilipopita.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa katibu mpya, au yeyote anayepeleka maneno ya watu mahali pengine, uanzie kwenye kitenzi kinachobeba kauli. Si vyote vinabeba kwa uzito mmoja. "Alisema kwamba" hubeba kauli na kukuacha wewe nje. "Alibainisha kwamba" na "alifichua kwamba" havikuachi nje. Huwezi kufichua kitu ambacho hakipo, kwa hiyo ukiandika "mwanachama alifichua kwamba hela zimeliwa", umeshakubali kwamba zimeliwa, na ile nukuu imekuwa pambo tu. Magazeti yetu hupenda "alibainisha" kwa sababu linapendeza kuliko kurudia "alisema" mara kumi. Katika muhtasari, rudia "alisema" mara kumi. Hakuna atakayekulaumu kwa ukavu.

"Alikiri" ni hatari zaidi. Siku ile mweka hazina wetu angeulizwa kama hesabu zimelingana angejibu hapana, kama wote tulivyoona. Ukiandika "mweka hazina alikiri kwamba hesabu hazikulingana", umemvisha kosa ambalo jibu lake halikuwa nalo, maana mtu hukiri la kwake. "Alidai" lina shida ya upande wa pili: linamwekea msemaji alama ya shaka, kana kwamba katibu anakonyeza. Na "eti", neno ninalolipenda sana mtaani, kwenye muhtasari halina nafasi. "Eti hela zimeliwa" ni kauli kuhusu kauli iliyochanganywa na dhihaka yako, na msomaji hawezi kuzitenganisha.

Halafu kuna kukanusha, ambako nimeona watu wazima wakigombana. Katika kikao cha tatu mwenyekiti aliulizwa msimamo wake, naye akanyamaza kuhusu wizi, akazungumzia utaratibu wa kufanya ukaguzi. Jioni mtaani ikazagaa kwamba mwenyekiti kamsafisha mweka hazina. Niliulizwa mimi, "Si alisema hajaiba?" Hapana. Mwenyekiti hakusema kwamba ameiba. Hiyo si sawa na kusema kwamba hajaiba. Ile "ha" ikikaa kwenye "kusema", inakanusha kwamba kauli ilitolewa. Ikikaa kwenye "kuiba", inakanusha tendo, na kauli iko palepale. Silabi moja inahama kutoka kitenzi kimoja kwenda kingine, na maana inahama kutoka mdomoni mwa mwenyekiti kwenda kwenye sanduku. Nikiandika siku hizi, kila penye ukanushi narudi kuuliza ni kitenzi kipi kilichokanushwa na msemaji mwenyewe.

Mtego mdogo zaidi ni majina unayoyatia ndani ya kauli ya mwingine. "Mjumbe alisema kwamba mwizi huyo alikuwa na ufunguo mmoja." Nani kamwita mwizi, mjumbe au wewe? Usemi wa taarifa hauonyeshi. Vivyo hivyo "alimwambia mweka hazina kwamba kitabu chake kina makosa": kitabu cha nani? Panapokuwa na utata wa namna hiyo, acha usemi wa taarifa, rudi kwenye usemi halisi, uandike maneno yaleyale ndani ya alama za kunukuu. Maneno "kitabu changu" au "kitabu chako" yatajieleza.

Wanasheria wanaijua tofauti hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni ya Uingereza, lilisikiliza rufaa kutoka Malaya, ya mtu aliyeitwa Subramaniam, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa kukutwa na risasi wakati wa hali ya hatari. Utetezi wake ulikuwa kwamba waasi walimteka na kumtisha. Jaji wa kwanza alimzuia asieleze waasi walimwambia nini, kwa hoja kwamba huo ni ushahidi wa kuambiwa. Baraza likasema hapana. Maneno ya mtu wa nje yanakataliwa yanapoletwa ili kuthibitisha kwamba yaliyosemwa ni kweli. Yakiletwa ili kuthibitisha tu kwamba yalisemwa, yanapokelewa. Na kwake hilo ndilo lililokuwa muhimu: kama waasi walimwambia "tutakuua", hofu yake inaeleweka hata kama hawakuwa na nia ya kumuua kweli. Hukumu ile ikatenguliwa. Mpaka leo mahakama za kwetu Afrika Mashariki huirejea kesi hiyo.

Lakini usijifiche nyuma ya "alisema". Katika sheria ya kashfa, kurudia tuhuma ya mtu mwingine ni kuitangaza wewe, na kuweka "nimesikia" mbele yake hakukuokoi. Sentensi yako kuhusu kauli inaweza kuwa kweli tupu na bado ikamchafua mtu, kwa sababu anayesoma haishii kwenye kauli, anapita moja kwa moja hadi kwenye sanduku. Kwenye kikao, tuhuma ikitolewa, ninachoandika sasa ni kwamba hesabu ilipungua kiasi fulani, kwamba mwanachama alitoa tuhuma dhidi ya kiongozi, kwamba kikao kiliamua hili. Maneno yenyewe ya tuhuma nayaandika tu pale uamuzi unapoyahitaji.

Hela zilipatikana wiki ya tano, au tuseme maelezo yake. Mwanachama mmoja alikuwa amechukua mkopo wa dharura wa 180,000 kwa ajili ya hospitali. Umeandikwa vizuri kwenye kijitabu chake, na wenye funguo wote watatu walikuwepo sanduku lilipofunguliwa. Haukuhamishiwa kwenye daftari kuu. Kazi ya kuhamisha ilikuwa ya katibu.

Ikabidi turekebishe muhtasari. Uliokwisha kutiwa saini haufutwi kwa kalamu. Unasahihishwa ndani ya muhtasari mwingine. Nikaandaa rasimu: Kikao kiliamua kwamba sentensi "Mweka hazina alikula hela zetu" katika muhtasari wa kikao cha kuhesabu sanduku si sahihi na iondolewe. Kwa kipimo changu ilikuwa salama kabisa. Alama za kunukuu zipo, sentensi imetajwa tu, haikutumika, na kitenzi kimeifuata sentensi.

Mweka hazina akaisoma, akanirudishia. "Mwanangu, mjukuu wangu akifungua daftari hili miaka kumi ijayo, atasoma hayo mengine au atasoma haya matano?"

Sikuwa na jibu la sarufi. Nikakaa na rasimu usiku ule hadi nikaona kwamba sentensi inaweza kutajwa bila kunukuliwa, kama vile nyumba inavyotajwa kwa namba bila kuhamishwa. Iliyosomwa kikaoni na kuthibitishwa ilikuwa hii: Sentensi ya pili, aya ya 4, ya muhtasari wa kikao cha kuhesabu sanduku, si sahihi na imeondolewa, upungufu ulitokana na mkopo ambao katibu hakuuhamishia kwenye daftari kuu.

Mweka hazina alinyoosha mkono wa kwanza.