Nikate wapi picha ya viza ili kichwa kitoshe na fremu ya mlango isionekane?

"Fundi, habari za kazi. Najaza fomu ya viza ya Marekani. Mdogo wangu kanipiga picha kwa simu mbele ya ukuta mweupe, nikaikata mraba kwa kukadiria, nikaipunguza hadi pikseli 600 kwa 600. Fomu imeikataa. Nikikata kwa upana zaidi, fremu ya mlango inaingia upande wa kulia. Picha yenyewe nimeambatanisha. Nikate wapi hasa?"

Nzuri, dada. Picha ni nzuri na haihitaji kupigwa upya. Kilichokuponza ni kuanza na mraba. Kwenye picha za vitambulisho tunaanza na kichwa: kipimo chake ndicho kinachokuambia mraba uwe mkubwa kiasi gani.

Kwa viza ya Marekani, urefu wa kichwa, kuanzia juu kabisa ya nywele hadi ncha ya kidevu, uwe kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha nzima. Macho nayo yakae kwenye kimo cha asilimia 56 hadi 69, ukihesabu kutoka chini ya picha. Mimi hulenga 60 kwa vyote viwili, maana hapo ukikosea kidogo huku au kule bado uko ndani.

Nimeifungua picha yako kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Ukipeleka mshale popote juu ya picha, pale chini kushoto unasoma namba mbili: ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, ya pili ni umbali kutoka ukingo wa juu. Hiyo ya pili huongezeka kadiri unavyoshuka. Hakikisha kipimo kilichochaguliwa pembeni yake ni px.

Picha yako ina upana wa pikseli 3000 na urefu wa 4000. Nywele zinaishia juu kwenye 1250, macho yapo 1530, kidevu 1790. Kwa hiyo kichwa kina urefu wa pikseli 540. Katikati ya uso, kwenye mstari wa pua, ni 1515 kutoka kushoto, na fremu ya mlango inaanza 2010.

Gawanya 540 kwa 0.60, unapata 900. Huo ndio upande wa mraba wako. Ule mraba uliokata mwanzo ulikuwa na upande wa 700 hivi, kichwa kikachukua asilimia 77 ya picha. Kuupunguza hadi 600 hakukusaidia kitu, kwa sababu kila kitu kilipungua pamoja na uwiano ukabaki uleule.

Sasa tuupange mraba mahali pake. Macho yawe asilimia 60 kutoka chini, yaani pikseli 540 juu ya ukingo wa chini. Macho yapo 1530, basi ukingo wa chini utakuwa 2070, na wa juu 1170. Juu ya nywele zinabaki pikseli 80 za ukuta, na chini ya kidevu zinabaki 280, zinazotosha shingo na mwanzo wa mabega. Kwa upana, toa nusu ya mraba kutoka katikati ya uso: 1515 kutoa 450 ni 1065. Ukingo wa kulia unaangukia 1965, na mlango unaanza 2010. Umebaki nje kwa pikseli 45.

Hapo unaona pia kwa nini ulipopanua mlango uliingia. Kichwa kikiwa asilimia 50, mraba unakuwa 1080 na ukingo wa kulia unafika 2055. Kwa picha hii mraba wowote unaozidi 990 utaugusa mlango, na wowote ulio chini ya 783 utafanya kichwa kizidi asilimia 69. Nafasi yako iko kati ya hizo namba mbili, na 900 imekaa humo vizuri.

Kwenye GIMP chagua Crop, chora mraba wowote juu ya picha, kisha kwenye Position andika 1065 na 1170, na kwenye Size andika 900 na 900. Bonyeza Enter. Usiipunguze tena: fomu inapokea mraba wa pikseli 600 hadi 1200 kila upande. Hifadhi kwa File, Export As, jina liishie na .jpg, na faili lisizidi kilobaiti 240. Likizidi, shusha Quality kidogo kidogo, usiguse vipimo. Anayependa kuandika amri kwenye ImageMagick, kazi yote ni hii:

```
magick picha.jpg -auto-orient -crop 900x900+1065+1170 +repage -define jpeg:extent=240kb viza.jpg
```

Nakuomba usijaribu kuufuta mlango kwa brashi wala kubadilisha ukuta kwa programu. Kukata kunaruhusiwa, kuchora upya hakuruhusiwa, na vivyo hivyo vichujio vya kulainisha ngozi ambavyo simu nyingi huviweka zenyewe. Kitu kikiwa karibu na uso kiasi kwamba mraba hauwezi kukikwepa, hapo ndipo mtu anapiga upya.

Wenye nywele nyingi wasichukue namba zako kama zilivyo. Tuseme afro yako ingefika 1130 badala ya 1250. Kichwa kingekuwa 660, na kwa asilimia 60 mraba ungekuwa 1100, mlango ndani. Ingebidi kubana hadi 980, kichwa kiwe asilimia 67. Lakini macho yakibaki kwenye 60, juu yake kuna pikseli 392 tu, na nywele zinahitaji 400: zitakatwa. Dawa ni kuyashusha macho hadi asilimia 57. Juu zinapatikana 421, nywele zinaingia zote, na ukingo wa kulia unaishia 2005. Ni finyu sana, ningemwambia huyo asogee hatua moja mbali na mlango.

Mdogo wako alisimama mbali kiasi, zaidi ya mita moja, na alifanya vyema. Wengi husogeza simu karibu ili uso ujae, matokeo yake pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na hakuna ukataji unaorekebisha hilo. Wengine husimama mbali mno. Ukipima kichwa ukakuta hakifiki pikseli 360, mraba wa asilimia 60 hautafika 600, na kuikuza picha kwa nguvu huleta ukungu usoni.

Picha hii usiitumie kwa viza ya Schengen. Kule ni milimita 35 kwa 45, si mraba, na uso huchukua asilimia 70 hadi 80 ya urefu. Rudi kwenye picha ya simu uanze upya. Ukilenga 75, 540 gawanya kwa 0.75 ni 720 kwa urefu, na upana wake ni 560. Kwa hiyo usiifute ile ya simu, hata fomu ikishakupokea.