Tende kumi kila asubuhi na choo bado kigumu? Hebu nikueleze

Jumanne iliyopita dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniandikia: "Dada, siku ya 8 leo nakula tende 10 kila asubuhi na choo bado ni kama mawe. Nimejifungua juzi, nanyonyesha, nameza vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kliniki. Mama mkwe anasema niongeze tende ziwe 15. Niongeze?"

Nilimjibu palepale asiongeze, kisha nikakaa na simu mkononi muda mrefu. Ujumbe ule ulinirudisha miaka minne nyuma, kwenye kosa langu ambalo sijawahi kulieleza hapa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza stashahada ya lishe na nimeitwa usaili Westlands, kazi niliyoiomba mara tatu. Wiki nzima nilikuwa nimefunga choo kwa sababu ya wasiwasi, chai nyingi na ugali usio na mboga. Jioni ya kuamkia usaili nilipita Eastleigh nikanunua pakiti ya gramu 250 ya aprikoti kavu, zile laini za rangi ya chungwa, nikaketi na makaratasi yangu nikazila hadi pakiti ikaisha. Asubuhi, ili pumzi inukie vizuri, nikatafuna chingamu zisizo na sukari, moja baada ya nyingine, sita kwa jumla.

Matatu ilikuwa imekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way, karibu na Kangemi, tumbo lilipoanza kunguruma na kujaa hewa, kisha likanikata. Nilishuka nikakimbilia choo cha kituo cha mafuta. Nilipofika usailini nilikuwa nimechelewa dakika 50. Aliyenipokea aliniangalia juu hadi chini akasema watu wasiojipanga hawahitajiki pale. Lile neno bado linanichoma hadi leo, maana nilikuwa nimejipanga kwa kila kitu ila hesabu moja ambayo mtu aliyesoma lishe alipaswa kuifanya.

Hesabu yenyewe ni hii. Aprikoti kavu zina takriban gramu 5 hadi 6 za sobitoli, aina ya sukari inayolainisha choo, katika kila gramu 100. Pakiti ile basi ilinipa kama gramu 13. Chingamu isiyo na sukari mara nyingi hutiwa utamu kwa sobitoli hiyohiyo, kidogo zaidi ya gramu 1 kila moja, kwa hiyo sita ziliongeza gramu 7 hivi. Jumla ni kama 20. Wapo watu wanaosikia gesi wakifika gramu 10 tu, na kwenye 20 wengi huhara. Hata zile sharubati za kikohozi zisizo na sukari huenda zikawa nayo, kwa hiyo soma karatasi ya pakiti.

Sobitoli ni sukari ya aina yake ambayo utumbo mwembamba huinyonya polepole na kwa kiasi kidogo. Inayobaki huvuta maji na kuyashikilia ndani ya utumbo, choo kikalainika. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachusha, na ndipo hewa na mngurumo vinapotokea. Kwa kiasi kidogo ni msaada. Kwa kiasi nilichokula mimi ni haluli.

Sasa, kwa nini tende 10 hazikumsaidia dada wa Umoja? Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wauzaji, wanaosema matunda makavu yote ni dawa moja. Mwaprikoti ni wa jamii ya waridi, pamoja na mplamu, mpeasi na mtufaha. Miti hii husafirisha sukari kutoka kwenye majani ikiwa katika umbo la sobitoli, na sehemu yake hubaki kwenye tunda. Mtende si wa jamii hiyo, na mtini ni ndugu wa mforosadi. Tende na tini zina sobitoli kidogo sana. Zenyewe hufanya kazi kwa nyuzinyuzi: tini kavu zina kama gramu 10 katika gramu 100, pamoja na zile mbegu ndogondogo, na tende zina kama 7 au 8.

Nyuzinyuzi hukipa choo ujazo, lakini maji ni wewe uyalete. Huyu dada alikuwa ananyonyesha, kazi inayokula maji mengi mwilini, na nilipomuuliza anakunywa nini akasema chai vikombe viwili na glasi ya maji wakati wa kumeza dawa. Isitoshe, vidonge vya chuma vyenyewe hufunga choo kwa watu wengi. Tende zake 10 ndogo, kama gramu 80, zilimpa takriban gramu 50 za sukari kila asubuhi. Kufikisha 15 kungeongeza sukari tu.

Nilimwambia ashushe tende ziwe 3. Jioni aloweke aprikoti 4 nzima zilizotolewa kokwa, kama gramu 30, katika nusu glasi ya maji, na asubuhi azile na ayanywe yale maji, kwa sababu sehemu ya sobitoli huyeyukia humo. Watu huyamwaga! Hapo anapata chini ya gramu 2 za sobitoli na nyuzinyuzi kama gramu 2, kisha glasi ya maji kila anapoketi kunyonyesha. Akae hivyo siku 3 kabla ya kuongeza chochote. Kama bado, aprikoti ziwe 6, asizidishe 8. Anayependa tini ale 2 au 3, na maji vilevile. Ukiona hewa nyingi na choo cha majimaji, umepita kipimo chako, rudi nyuma. Ukiona tumbo limejaa na choo bado kikavu, umeongeza nyuzinyuzi bila maji.

Kama mfuko hauruhusu, plamu za Limuru na mapeasi zina sobitoli pia, ila si nzito kama kwenye tunda kavu.

Nisikilize vizuri hapa. Mwenye kisukari ahesabu matunda haya kama sukari. Mwenye figo zilizodhoofika asiguse aprikoti kavu kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu zina potasiamu nyingi. Mwenye pumu ajihadhari na zile za rangi ya chungwa iliyokolea, kwa kuwa hutiwa salfa ili zisiwe nyeusi. Za kahawia zisizotiwa salfa zina sobitoli ileile. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au tumbo limevimba, unatapika na hata hewa haitoki, achana na matunda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya chuma navyo usiviache kimyakimya. Rudi kliniki uulize kama dozi au aina inaweza kubadilishwa.

Yule dada aliniandikia tena Jumamosi. Siku ya 4 choo kilitoka bila kusukuma, kwa aprikoti 4 zilezile, na Jumatatu anarudi kliniki kuuliza habari ya vile vidonge. Mama mkwe bado anamwekea tende 15 mezani. Anakula 3, zingine anawapa wageni wanaokuja kumwona mtoto.