Maswali na majibu: Chemsha bongo ya runinga sebuleni

*Tuko wanane nyumbani, kuanzia nyanya wa miaka 71 hadi kitinda mimba wa miaka 9. Nipange raundi gani ili kila mtu apate la kujibu? – Mama, Kisumu*

Anza na timu kwanza, mama, raundi zitafuata. Kwa kuwa wewe ndiwe utakayeuliza, wanabaki saba: timu moja ya watu wanne, nyingine ya watatu. Nyanya akae timu moja na kitinda mimba, na vijana wasirundikane upande mmoja.

Raundi nne za maswali sita zinatosha. Ukizidisha, watoto watasinzia. Ya kwanza iwe ya enzi za nyanya, *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*. Ya pili iwe ya vipindi na katuni wanavyotazama watoto sasa. Ya nne iwe ya nyuso: picha za waigizaji na wasomaji habari, ukiwa umeziba macho kwa kipande cha karatasi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Rekodi kwa simu sekunde kumi za mwanzo za nyimbo za kufungulia vipindi, kisha uwachezee bila picha. Iweke hapo katikati kwa sababu ndipo watu huanza kuchoka, na sikio halijali umri.

*Wakubwa wanajibu upesi, wadogo wanabaki kutazama tu. Tuhesabu pointi vipi? – Baba wa watatu, Nakuru*

Ondoa kabisa mambo ya kupaza sauti. Kila timu iandike jibu kwenye karatasi, na kila swali lisomwe mara mbili.

Chukua swali hili: mwigizaji wa Mzee Ojwang aliitwa nani kwa jina lake halisi? Timu inayojua inaandika Benson Wanjau na kukupa karatasi. Hiyo ni pointi 3. Timu isiyojua inasubiri. Ukishapokea karatasi za walioandika, soma majina matatu, mojawapo likiwa la kweli, na anayechagua sawasawa apate pointi 1. Aliyeandika mapema akakosea harudi kuchagua. Hapo ndipo mdogo hupata kazi, maana timu hulazimika kumuuliza kama wathubutu au wangoje. Kwa maswali 24, pointi za juu kabisa ni 72. Tangaza jumla kila raundi ikiisha, si mwisho tu.

*Tulikosana kwa swali moja: KBC ilianza mwaka gani? Mjomba alisema 1928, dada 1962, mimi 1989. Nani alikuwa sahihi? – Kijana, Kakamega*

Nyote watatu mna hoja, na kosa ni la swali. Utangazaji wa redio ambao KBC hujihesabia kuwa chimbuko lake ulianza 1928. Runinga ilikuja 1962. Halafu shirika likaitwa Sauti ya Kenya, VOK, hadi 1989 liliporudi kuitwa KBC. Mwuliza maswali angeuliza "Runinga ilianza kurushwa Kenya mwaka gani?" kusingekuwa na ugomvi.

Kabla ya siku yenyewe, msomee mtu asiyecheza kila swali. Akikuuliza "unamaanisha ipi?", liandike upya. Na neno la mwuliza maswali liwe la mwisho usiku huo. Ubishi uhamie kesho.

*Zawadi gani isiyo ghali? – Shangazi, Bungoma*

Isiyogombaniwa ndani ya timu. Pesa na simu ziache. Washindi wachague chakula cha mchana cha Jumapili, kuku au samaki, na washike rimoti jioni tatu. Waambie kabla ya raundi ya kwanza.

*Timu mbili zikitoka sare? – Baba yuleyule wa Nakuru*

Usiulize mwaka, kwa sababu makisio hukaribiana mno. Uliza kitu ulichokipima mwenyewe. Mimi nilirekodi matangazo ya biashara kabla ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, tangu tangazo la kwanza hadi muziki wa habari ulipoanza: sekunde 347. Swali likawa, "Yalichukua sekunde ngapi?" Kila timu iliandika kwa siri. Moja ilisema 300, nyingine 400. Ya kwanza ilikosa kwa 47, ya pili kwa 53, kwa hiyo ya kwanza ikashinda. Wangeandika 340 na 354, wote wangekosa kwa 7, kwa hiyo nilikuwa na rekodi ya pili ya jioni nyingine.

Ihifadhi rekodi hiyo kwenye simu. Timu iliyoshindwa kwetu ilitaka isikilizwe yote, na tukakaa kimya dakika karibu sita, kila mmoja akihesabu kwa vidole.